Gawio si Zawadi: Mwekezaji wa Miaka Thelathini Ahesabu Nini?

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Februari na Machi, vyumba vya walimu katika shule zetu hujaa mazungumzo ya aina moja: chama chetu cha akiba na mikopo kitatoa gawio la asilimia ngapi? Aliye katika sacco iliyotoa asilimia kumi na mbili hutembea kifua mbele, na aliye katika ile iliyotoa asilimia saba hunyamaza. Mazungumzo haya si mabaya hata kidogo. Lakini yametujengea mazoea ya fikira ambayo, tukiyabeba kama yalivyo hadi katika Soko la Hisa la Nairobi, hutupoteza.

Mwalimu mmoja wa sekondari ninayemheshimu sana kwa maarifa yake ya hisabati aliniambia hivi majuzi: "Mimi hisa isiyotoa gawio siinunui. Nifuge ng'ombe asiyetoa maziwa ya nini?" Mfano wake ni mtamu, nao ndio ulionisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa kijana anayeanza kazi leo na kutazamia kustaafu baada ya miaka thelathini au zaidi anahitaji kujua iwapo kipimo hicho cha maziwa ndicho kimfaacho.

Tuanze na tofauti iliyopo baina ya sacco na soko la hisa. Hisa ya sacco haina bei inayopanda na kushuka. Ukiweka mtaji wa Sh20,000, utabaki Sh20,000 miaka kumi baadaye, na siku ya kujiondoa utaukabidhi kwa mwanachama mwingine kwa thamani ile ile. Kwa hiyo faida yako yote katika mtaji huo ni gawio, na hapana nyingine. Anayelinganisha sacco mbili kwa kutazama gawio anatazama kitu kamili. Hisa ya kampuni iliyoorodheshwa sokoni ina milango miwili. Faida huweza kukujia kama gawio, na huweza kukujia kama ongezeko la bei ya hisa yenyewe. Ukijumlisha hayo mawili, ukitoa hasara ikiwa bei imeshuka, ndipo unapopata kile ambacho katika makala haya nitakiita faida jumla. Wapo wawekezaji wanaochagua hisa kwa kutazama gawio pekee, na wapo wanaotazama faida jumla bila kujali imepitia mlango upi. Mjadala wote umo humo.

Je, gawio hutoka wapi? Hutoka ndani ya kampuni. Tuseme kampuni ina thamani ya Sh20 kwa kila hisa, na katika thamani hiyo mna Sh2 taslimu zilizoko benki. Wakurugenzi wakiamua kuzigawa hizo Sh2, kampuni iliyobaki ina thamani ya Sh18. Mwenyehisa ana Sh2 mfukoni na hisa ya Sh18. Jumla ni Sh20, kama ilivyokuwa jana yake. Ndiyo maana siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya kupokea gawio lililotangazwa, bei yake kwa kawaida huanza chini kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Anayekimbilia kununua siku chache kabla ya daftari la wenyehisa kufungwa, akidhani ataokota cha bure, hujikuta amenunua Sh2 zake mwenyewe, kisha anakatwa kodi juu yake. Wanauchumi Merton Miller na Franco Modigliani walilithibitisha jambo hili kwa hesabu mwaka 1961: pasipo kodi wala gharama za soko, na ikiwa miradi ya kampuni haibadiliki, mwenyehisa hatajiriki wala hafukariki kwa sababu ya kampuni kugawa faida au kuibakiza.

Lakini sisi hatuishi katika nchi isiyo na kodi wala gharama, na hapo ndipo hesabu ya Mkenya inapoanza kuwa na ladha yake. Mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ya gawio kabla hajalipokea. Ongezeko la bei, kwa upande mwingine, halitozwi kodi kwa hisa zilizoorodheshwa sokoni. Kodi ya faida ya mtaji iliyorejeshwa mwaka 2015 na kupandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023 haizigusi hisa hizo. Isitoshe, anayetaka kulirudisha gawio lake kazini kwa kununua hisa zaidi humlipa dalali na soko gharama ambazo kwa kiasi kidogo hukaribia asilimia 2 ya fedha anazotumia.

Hebu tulipime jambo hili kwa walimu watatu wa kubuni. Kila mmoja ameweka Sh100,000 na kuziacha miaka thelathini. Kampuni zao zina uwezo mmoja: kila moja huzalisha asilimia 12 kwa mwaka. Asilimia hiyo ni ya mfano tu, si ahadi ya mtu yeyote. Kampuni ya mwalimu wa kwanza haigawi chochote. Faida yote hubaki na kufanya kazi, na bei ya hisa hupanda kwa asilimia 12. Kampuni ya wa pili na ya wa tatu hugawa asilimia 8, na bei hupanda kwa asilimia 4 iliyobaki. Mwalimu wa pili hulichukua gawio lake kila mwaka, baada ya kodi, na kununua hisa zaidi. Wa tatu hulitumia: mara karo, mara mabati, mara sikukuu.

Mwisho wa miaka thelathini, mwalimu wa kwanza ana takriban Sh2,996,000. Wa pili ana takriban Sh2,583,000. Wa tatu ana hisa za takriban Sh324,000, na katika miaka yote hiyo amepokea na kutumia takriban Sh426,000.

Msomaji na azitazame kwa makini tarakimu hizo, maana zinasema mambo mawili ya uzito tofauti. Baina ya mwalimu wa kwanza na wa pili kuna pengo la takriban Sh413,000, na pengo hilo ni kodi na gharama za dalali zilizorundikana kidogo kidogo. Si haba, lakini mwalimu wa pili bado ni mtu mwenye mali. Baina ya wa pili na wa tatu kuna pengo la zaidi ya Sh2,200,000, ilhali wote wawili walikuwa na hisa zile zile katika kampuni ile ile! Ukitoa hata zile Sh426,000 alizozifaidi wa tatu, bado tofauti inatisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayejenga mali kwa miongo kadhaa ni hili: gawio likiingia katika simu yangu, linakwenda wapi? Swali la hisa ipi hutoa gawio kubwa linafuata nyuma kabisa. Nami nadhani jibu la kweli kwa wengi wetu ni kwamba linakwenda dukani. Gawio la Sh1,140 lililoingia kwa M-Pesa siku ya Ijumaa halifiki Jumatatu.

Wala tusimlaumu mwenyehisa peke yake. Kwa miaka mingi soko letu lilidai kwamba hisa zinunuliwe kwa mafungu ya mia moja mia moja. Mwenye gawio la Sh1,140 hangeweza kununua fungu la hisa za Sh20, ambalo ni Sh2,000, hata kama alitaka. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2025, na sasa mtu aweza kununua hata hisa moja. Ni badiliko dogo machoni pa matajiri, lakini kwa mwekezaji mdogo limefungua njia ya kumfuata mwalimu wa pili.

Sasa nigeukie kosa lile la pili, la kuchagua hisa kwa ukubwa wa gawio. Wapenzi wa gawio nchini kwetu wana kampuni yao waipendayo, nayo ni BAT Kenya, watengenezaji wa sigara. (Wapo wasioigusa kwa sababu za dhamiri, na mimi sina ugomvi nao.) Kampuni hii hugawa sehemu kubwa mno ya faida yake. Kwa mwaka wa 2022 ilitoa Sh57 kwa hisa, na kwa bei ya wakati huo gawio hilo lilikuwa zaidi ya asilimia 12, kiwango ambacho hata sacco nyingi hazifikii. Nani asingevutiwa?

Lakini tumfuate aliyeinunua mwishoni mwa 2016, wakati hisa moja iliuzwa kwa zaidi ya Sh800, naye akaishika hadi mwisho wa 2023. Kila mwaka alipokea gawio bila kukosa, na kwa jumla alipata yapata Sh300 kwa hisa kabla ya kodi. Kila mwaka, bila shaka, aliwaambia wenzake kwamba ng'ombe wake anakamuliwa vizuri. Kumbe ng'ombe mwenyewe alikuwa anakonda. Ushuru wa sigara ulizidi kupanda, sigara za magendo zikazagaa, na soko zima la Nairobi likadorora. Mwishoni mwa 2023 hisa ilikuwa karibu Sh400. Jumlisha Sh400 na Sh300 upate Sh700, ilhali aliingia kwa zaidi ya Sh800. Miaka saba ya gawio tele ilimwachia hasara, kabla hata ya kuhesabu mfumuko wa bei.

Haki itendeke: aliyeinunua hisa hiyo hiyo mwishoni mwa 2020, kwa chini ya Sh400, alipata faida nzuri. Kampuni ni moja na sera ya gawio ni moja, lakini matokeo ni mbingu na ardhi. Kilichotofautisha ni bei ya kuingilia na mwenendo wa thamani ya hisa, yaani mambo ambayo mtazamaji wa gawio pekee hayaoni.

Kuna mtego hapa ambao wanafunzi wa biashara watautambua upesi. Kiwango cha gawio ni sehemu: gawio juu, bei chini. Sehemu huweza kukua kwa sababu ya juu kuongezeka, na pia huweza kukua kwa sababu ya chini kupungua. Safaricom ilipokuwa zaidi ya Sh40 katikati ya 2021, gawio lake la Sh1.37 lilikuwa kama asilimia 3 na ushei. Mwishoni mwa 2023 gawio lilikuwa limepungua hadi Sh1.20, lakini kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka chini ya Sh15, kiwango kilipanda kupita asilimia 8. Aliyetazama kiwango pekee angesema hisa imekuwa karimu zaidi, hali kampuni ilikuwa imepunguza ukarimu wake na wenyehisa walikuwa wamepoteza zaidi ya nusu ya thamani. Kiwango kikubwa huweza kuwa fursa, na huweza kuwa moshi wa nyumba inayoungua. Ili kujua ni kipi, huna budi kutazama faida ya kampuni kwa kila hisa kwa miaka kadhaa, na kuona kama gawio linalipwa kutokana na faida hiyo au linaizidi.

Baada ya kusema hayo yote, yafaa nimtendee haki yule mwalimu wa ng'ombe. Hoja yake ina mzizi, na mzizi huo umo katika historia ya makampuni yetu. Hesabu ya mwalimu wa kwanza ilisimama juu ya nguzo moja: kwamba faida iliyobakizwa inafanya kazi kwa asilimia 12. Je, kama wakurugenzi wanaibakiza na kuiharibu? Kampuni ya sukari ya Mumias iliorodheshwa mwaka 2001, na wakulima na walimu wengi wa Magharibi wakanunua hisa zake kwa fahari. Baadaye kampuni ikajitanua katika kuzalisha umeme, spiriti na hata maji ya chupa. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Mwenyehisa aliyewahi kupokea gawio katika miaka ya neema alibaki angalau na hilo. Fedha zilizobaki ndani ya kampuni hakuziona tena. Katika nchi ambamo mwenyehisa mdogo hana sauti mkutanoni, gawio ni namna ya kuyachukua mapato kabla hayajapata wenyewe. Tena ni ushahidi: faida ya kwenye vitabu huweza kupakwa rangi, lakini fedha taslimu ama zipo ama hazipo.

Kwa hiyo anayefuata faida jumla hapaswi kuiamini kampuni kwa sababu tu inabakiza fedha. Kuna kipimo chepesi ambacho hata mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kukifanya kwa taarifa za kampuni za kila mwaka. Chukua miaka kumi. Jumlisha faida kwa kila hisa, kisha utoe magawio yote ya miaka hiyo; kinachobaki ndicho kilichobakizwa. Tuseme ni Sh20. Sasa tazama faida kwa hisa imeongezeka kiasi gani tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Ikiwa imetoka Sh4 hadi Sh6.40, basi zile Sh20 zinazalisha Sh2.40 kwa mwaka, yaani asilimia 12, na wakurugenzi wanastahili kuachiwa fedha. Ikiwa imetoka Sh4 hadi Sh4.40, zinazalisha asilimia 2, na wewe mwenyewe ungefanya vyema zaidi kwa kuziweka katika bondi za serikali. Kampuni ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kushinikizwa igawe, na ikikataa, iuzwe.

Kuna swali moja ambalo kila ninapozungumzia jambo hili huulizwa, nalo ni zito: nikistaafu nitakula nini, ikiwa hisa zangu hazitoi gawio? Jibu ni kwamba utauza kipande. Mmarekani Warren Buffett, ambaye kampuni yake ya Berkshire Hathaway ililipa gawio mara moja tu chini ya uongozi wake, mwaka 1967, aliwaeleza wenyehisa hesabu hii katika barua yake ya mwaka 2012. Mfano wake ulikuwa wa biashara inayozalisha asilimia 12. Mwenyehisa mmoja analipwa theluthi ya faida kila mwaka kama gawio. Mwingine anaacha faida yote ndani, kisha kila mwaka anauza asilimia 3.2 ya hisa zake kwa wanunuzi walio tayari kulipa robo zaidi ya thamani ya vitabuni. Katika mwaka wa kwanza wote wawili wanapata kiasi kile kile cha kutumia. Baada ya miaka kumi, anayeuza ana mali inayozidi kidogo ya mwenzake, kwa takriban asilimia 4, na mapato yake ya kila mwaka yanazidi vilevile, ingawa idadi ya hisa zake imepungua. Zaidi ya hayo, yeye ndiye anayeamua achukue kiasi gani na lini, ilhali mpokea gawio huamuliwa na wakurugenzi.

Hata hivyo, mfano wa Buffett una sharti ambalo Omaha haulizwi lakini Nairobi huulizwa: je, kuna mnunuzi? Katika soko letu lenye kampuni zipatazo sitini, zipo hisa ambazo siku nzima hupita bila kuuzwa hata moja. Kuuza kipande cha Safaricom au cha benki kubwa ni jambo la siku moja. Kuuza kipande cha kampuni ndogo huweza kuwa jambo la wiki nyingi na la bei ya kukatisha tamaa. Anayekusudia kuishi kwa kuuza vipande sharti awe na hisa zinazouzika. Lakini pia asidhani kwamba gawio ni mshahara usiokatika. Mwezi wa Mei 2020, janga la korona lilipotanda, benki ya Equity iliondoa gawio la Sh2.50 ambalo ilikuwa imekwisha kulipendekeza. Kenya Power nayo ilikaa tangu 2018 bila kuwalipa wenyehisa wa kawaida chochote, hadi iliporejea mwaka 2024. Mstaafu aliyetegemea umeme huo alikaa gizani miaka kadhaa. Anayetaka malipo ya uhakika kwa tarehe zinazojulikana anatafuta bondi, si hisa. Februari 2024 serikali iliuza bondi za miundomsingi kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, na hakuna gawio sokoni lililoweza kushindana nayo.

Rai yangu basi ni hii. Kijana wa miaka ishirini na mitano, mwenye mshahara unaomtosha kula, hana haja ya gawio kwa ajili ya matumizi. Kwake yeye faida jumla ndiyo kipimo, na gawio ni sehemu yake tu, sehemu inayotozwa kodi. Asizikimbie hisa zenye gawio, maana katika soko letu nyingi za kampuni imara hulipa. Lakini asizichague kwa sababu hiyo. Kadiri anavyokaribia kustaafu, tuseme miaka mitano au saba kabla, ndipo aanze kuhamisha sehemu ya mali yake kwenye bondi na kwenye hisa zinazouzika upesi, ili asilazimike kuuza chochote katika mwaka mbaya.

Na kwa anayepokea magawio tangu sasa, kuna hatua moja anayoweza kuichukua wiki hii. Amwombe dalali wake au msajili wa hisa aelekeze malipo yote kwenye akaunti ya benki iliyo mbali na ile ya mshahara na mbali na simu, na mara mbili kwa mwaka, tuseme Julai na Desemba, achukue kilichokusanyika humo na kununulia hisa kwa mkupuo mmoja.